Advansi Kabla ya Pleti: Mwongozo wa Kumdai Mteja Ambaye Bado Hajawa Mteja

Ikifika katikati ya Oktoba, ofisi nyingi za Dar es Salaam hushtuka kugundua kwamba mwaka unaisha na mwingine unakuja. Mshtuko huo ndio unaotulisha sisi watu wa dizaini na uchapaji. Ijumaa jioni, mtu akiwa ameshafunga kompyuta nusu, barua pepe inaingia: "Habari!!! Tunahitaji kalenda 1,000 za ukutani zenye nembo yetu, ni za haraka sana. Naomba bei." Ukubwa haujatajwa, wala idadi ya kurasa, wala aina ya karatasi. Kuhusu malipo, kimya kama cha msikitini.

Mwongozo huu unahusu barua pepe zinazofuata baada ya hiyo, mpaka hela ya kwanza isome kwenye akaunti. Nimechukua kalenda kwa sababu ndiyo kazi inayomnyoosha mtu haraka kuliko zote. Inataka fedha taslimu mapema, maana mchapaji hakopeshi. Ina tarehe ya kufa, kwani kalenda iliyofika Februari ni karatasi. Na ikishabebeshwa nembo ya kampuni ya bima, huwezi kumuuzia mwingine, isipokuwa muuza maandazi, naye atainunua kwa kilo.

Piga hesabu ya mfuko wako kwanza

Wengi wetu tumezoea kuomba nusu kwa nusu: asilimia 50 mwanzo, asilimia 50 mwisho. Inatamkika vizuri, mteja anaielewa, na kwa kazi ya kuchapa ni mtego. Asilimia ya advansi haitoki kwenye mazoea. Inatoka kwenye jibu la swali moja: siku ya kukabidhi mzigo, nitakuwa nimeshatoa shilingi ngapi mfukoni?

Tuchukue kalenda zetu 1,000, na tuseme bei yote ni shilingi 6,000,000. Ndani yake dizaini ni 1,500,000, uchapaji ni 4,200,000, na usafiri pamoja na usimamizi wa kazi kiwandani ni 300,000. Mchapaji wako anataka asilimia 60 ya fedha yake kabla ya kutengeneza pleti, yaani 2,520,000, na 1,680,000 iliyobaki anaitaka mlangoni, kabla boksi la kwanza halijapakiwa kwenye kirikuu. Kwa hiyo siku kalenda zinafika kwa mteja, umeshatoa 4,500,000.

Sasa weka pale nusu kwa nusu. Mteja amekupa 3,000,000. Wewe umetoa 4,500,000. Tofauti ya 1,500,000 imetoka wapi? Imetoka kwenye ada ya shule, au kwa shemeji, au kwenye advansi ya mteja mwingine ambaye naye anasubiri kazi yake. Umeikopesha kampuni yenye jengo la ghorofa, bila riba, na mkopo huo hakuna aliyeuomba kwa maandishi. Juu yake ongeza wiki zako za kukaa kwenye kompyuta, ambazo nazo hazijalipwa.

Igawe kwa awamu tatu uone tofauti. Asilimia 30, yaani 1,800,000, kabla ya kuanza dizaini. Asilimia 50, yaani 3,000,000, mteja akishasaini prufu na kabla ya pleti. Asilimia 20, yaani 1,200,000, baada ya mzigo kufika. Mteja akitoweka katikati ya dizaini, kazi yako imelipwa na hudaiwi na mtu. Akilipa awamu ya pili, mkononi una 4,800,000, nawe utatoa 4,500,000. Awamu ya mwisho ikichelewa, kinachochelewa ni sehemu kubwa ya jasho lako, na hilo linauma, lakini mchapaji hakupigii simu usiku. Ukishapita hapo unaweza kusubiri siku 14 ukiwa na akili timamu.

Hesabu hii ifanye kabla ya kuandika neno lolote. Asiyeijua atajikuta anajadili asilimia kama mtu anayepatana bei ya nyanya, akishuka kutoka 50 hadi 40 hadi 30 kwa sababu mteja ameandika kwa upole.

Barua ya kwanza ndiyo barua

Kosa linalogharimu kuliko mengine ni kutuma bei leo na masharti ya malipo wiki ijayo. Ukituma bei peke yake, mteja anaipeleka kwa bosi wake, bosi anaridhia, bajeti inapita, na kichwani mwao jambo limekwisha. Ukija baadaye na habari ya advansi unaonekana umebadilika. Lakini bei, malipo na tarehe vikiingia pamoja, vinaridhiwa pamoja au vinakataliwa pamoja. Hivi:

"Ndugu Meneja Masoko,

Habari za kazi. Asante kwa kutuandikia. Kalenda 1,000 za ukutani, ukubwa wa A2, kurasa 6 na jalada, karatasi ya gramu 170, zilizofungwa kwa waya juu: Sh 6,000,000. Humo mna dizaini na marekebisho ya awamu mbili, uchapaji, na kuzifikisha ofisini kwenu.

Malipo ni haya: Sh 1,800,000 kabla ya kuanza dizaini; Sh 3,000,000 mkishasaini prufu, kabla ya pleti kutengenezwa; Sh 1,200,000 ndani ya siku 14 baada ya kupokea kalenda.

Rasimu ya kwanza mtaipata siku 5 za kazi baada ya awamu ya kwanza kuingia kwenye akaunti yetu. Kalenda zitawafikia siku 10 za kazi baada ya prufu kusainiwa na awamu ya pili kuingia. Ili mzipate kabla ya Desemba 12, awamu ya kwanza iwe imeingia si zaidi ya Novemba 10. Bei hii ni kwa watakaothibitisha kabla ya Oktoba 31.

Profoma nimeiambatisha. Naomba kufahamu: mhasibu wenu anahitaji nyaraka gani ili kutusajili, na malipo hutoka siku zipi?"

Sentensi yenye nguvu kuliko zote hapo ni ile inayohesabu siku kuanzia fedha kuingia. Ukiandika "kalenda zitakuwa tayari Desemba 12", umejifunga wewe peke yako; mteja anaweza kulipa Desemba 5 na bado akakudai tarehe 12. Ukiandika "siku 10 za kazi baada ya awamu ya pili kuingia", kila siku anayochelewa kulipa inasogeza kalenda zake mwenyewe. Hutahitaji kumkumbusha kwa ukali. Desemba yenyewe itamkumbusha, pamoja na sikukuu ya tarehe 9 ambayo kila mwaka hushangaza watu kana kwamba imeanzishwa juzi.

Angalia pia maneno "kabla ya pleti". Usiseme "tunaomba advansi ili kuonyesha nia njema." Nia njema haina bei, na mteja akiisikia anaanza kujitetea kwamba yeye ni mwaminifu, na mazungumzo yanageuka kuwa ya tabia. Pleti ni kitu. Zikishatengenezwa kwa picha ya mkurugenzi wao hazifai kwa kazi nyingine yoyote, na mtu yeyote wa ofisini anaelewa kwa nini kitu hicho kilipiwe kabla.

Swali la mwisho, la nyaraka na siku za malipo, usilisahau. Kampuni nyingi hazimlipi mtu ambaye hayumo kwenye orodha yao ya watoa huduma, na kusajiliwa kunataka fomu, TIN, leseni ya biashara, wakati mwingine na barua ya benki. Nyingine hulipa mara moja tu kwa wiki. Ukiligundua hilo Novemba 10, advansi yako itatoka Novemba 24 bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Majibu utakayopata, na dawa zake

"Kaka, anzeni tu, LPO inakuja." Hili ni jibu la mtu mzuri ambaye hana mamlaka ya kutoa hela. Tatizo lake ni neno "inakuja". LPO ni agizo, na agizo si fedha, lakini ni karatasi muhimu kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaisomi: masharti yaliyochapwa chini kwa herufi ndogo. Mara nyingi pameandikwa kwamba malipo ni siku 30 baada ya kupokea mzigo. Mmekubaliana awamu tatu kwa barua pepe, kisha inakuja LPO inayosema siku 30, wewe unashukuru na kuanza kazi. Siku ya kudai, mhasibu ataitazama LPO, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye faili lake. Kwa hiyo jibu ni hili:

"Asante sana dada, nimeipokea LPO. Sehemu ya malipo inasema siku 30 baada ya kupokea mzigo, ila tulikubaliana awamu tatu kwa barua pepe ya Oktoba 21. Naomba irekebishwe, au iandikwe 'malipo kwa mujibu wa profoma' na namba ya profoma itajwe. Ikirudi tu na awamu ya kwanza ikiingia, tunaanza."

Fungu hilo moja la maneno, "kwa mujibu wa profoma" pamoja na namba yake, linamaliza ubishi ambao ungekula wiki tatu za Januari.

"Kwa sera yetu, hatulipi advansi." Hapa usibishane na sera. Sera haina masikio, na aliyekuandikia hakuitunga. Muulize swali la kikazi: je, sera inakataa kulipa kabla ya kazi, au inakataa kulipa bila kupokea kitu? Tofauti ni kubwa. Kampuni nyingi zinazokataa advansi hazina shida kulipia hatua iliyokamilika. Basi igeuze awamu ya kwanza iwe malipo ya dizaini iliyowasilishwa: unatengeneza jalada na ukurasa mmoja, unawapelekea kwa ubora mdogo wenye alama ya maji, unatoa ankara ya hatua hiyo, na kurasa nyingine zinasubiri. Umejiweka hatarini kwa siku mbili tatu za kazi, si kwa milioni nne. Kwangu huo ni ubadilishanaji wa haki.

Awamu ya pleti, hata hivyo, haina mbadala wa namna hiyo, kwa sababu mchapaji naye ana sera. Hapo toa njia ambayo watu wa manunuzi huipenda kuliko wanavyodhani: wamlipe mchapaji moja kwa moja. Mchapaji atawapa profoma yake ya 4,200,000, watamlipa wenyewe, wewe utabaki na dizaini, usimamizi na usafiri, jumla 1,800,000. Nusu yake kabla ya kuanza ni 900,000, na kwa kampuni inayoogopa advansi hiyo ni hela ya kusainiwa na meneja bila kupanda juu. Unapoteza faida ndogo uliyokuwa umeiweka kwenye uchapaji, ikiwa uliiweka. Unachopata ni kwamba hakuna siku utakayosimama mlangoni kwa mchapaji na mfuko mtupu.

"Tunaweza kutoa asilimia 20." Rudi kwenye hesabu yako. Kila unachokitoa kibadilishe na kitu. Awamu ya kwanza inaweza kushuka hadi asilimia 20, yaani 1,200,000, ikiwa ya pili itapanda hadi asilimia 60, yaani 3,600,000. Jumla kabla ya pleti inabaki ileile 4,800,000, nawe umehamisha hatari kwenye jasho lako la wiki mbili tu. Au idadi ipungue. Lakini hapa mweleze mteja ukweli wa mashine: kutengeneza pleti na kuandaa mashine kunagharimu karibu sawasawa uchape kalenda 500 au 1,000, kwa hiyo nusu ya kalenda si nusu ya bei. Mteja ambaye hajawahi kuambiwa hivyo atadhani unamlipisha faini.

Usiandike kamwe "basi sawa, asilimia 20" halafu ukanyamaza. Atakachojifunza ni kwamba zile awamu tatu ulizitunga tu, na kila sharti jingine kwenye barua yako nalo litajaribiwa kusukumwa.

"Bosi amesafiri, akirudi analipa." Namwamini kila anayesema hivi, maana mabosi wa mji huu kweli wanasafiri. Namjibu kwa upole na tarehe: "Pole kwa usumbufu, mkuu. Hakuna shida, nafasi yenu naishikilia hadi Novemba 10. Baada ya hapo kazi bado tutaifanya, ila kalenda zitafika baada ya Desemba 12, na nitawatumia tarehe mpya." Hakuna kitisho humo. Kuna kalenda ya kutengeneza kalenda, na mteja ameonyeshwa.

Kisha kuna yule anayepokea barua yenye bei, awamu tatu, tarehe na maswali mawili, anajibu: "Noted, asante." Jibu hilo halijakubali kitu. Mwandikie tena siku hiyohiyo: "Naomba uthibitishe kwa kujibu 'Tumekubali profoma na masharti yake ya malipo' ili niiweke kazi yenu kwenye ratiba." Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo barua pepe mbili, moja ya kutoa masharti na moja ya kuyakubali, zina uzito. Zina uzito zikisema kitu. "Noted" haisemi kitu.

Kama mteja ni taasisi ya umma, mwongozo huu unapungua nguvu. Huko malipo ya awali yana taratibu zake, na mara nyingi utaombwa dhamana ya benki kwa fedha ileile unayoiomba. Mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja akiombwa dhamana ya benki ni heri achukue dizaini peke yake na kuwaachia uchapaji.

Asilimia tano inayopotea njiani

Sasa umekubaliwa. Ulitarajia 1,800,000, imesoma 1,710,000. Kabla hujaandika barua ya hasira, jua kwamba 90,000 imekwenda TRA. Ni kodi ya zuio, asilimia 5, ambayo mlipaji huikata kwenye malipo ya huduma za kitaalamu kwa mkazi na kuiwasilisha kwa jina lako. Si wizi, na haijapotea, mradi upewe cheti chake, kwa sababu utakitumia kupunguza kodi yako ya mapato. Bila cheti, umeilipa na utailipa tena.

Mambo mawili yaulizwe kwa barua pepe kabla ya kukubaliana. Mtakata kodi ya zuio kwenye bei yote, au kwenye huduma tu? Profoma yako ikiandika mstari mmoja, "kalenda 1,000, Sh 6,000,000", mhasibu hana cha kutenganisha, na anaweza kukata kwenye jumla yote. Tenganisha mistari: dizaini, uchapaji, usafiri. Jambo la pili, cheti kitatoka lini, na kwa nani. Andika kwamba unakihitaji pamoja na kila awamu. Mwezi Juni, mhasibu aliyekata anaweza kuwa ameshahamia kampuni nyingine.

Na uiweke asilimia hiyo kwenye hesabu yako ya mfuko. Wakikata kwenye yote, ile 4,800,000 ya kabla ya pleti inakuwa 4,560,000. Unatakiwa kutoa 4,500,000. Umebaki na 60,000 ya kupumulia. Sasa unaona kwa nini sikutaka tushuke hata asilimia mbili.

Slipu si hela

Siku moja kabla ya tarehe ya mwisho utapokea picha ya slipu ya benki, imepigwa kwa simu, kidole gumba kinaonekana, na maneno "Tayari mkuu, anza kazi." Furahi, mshukuru, usianze. Slipu inaonyesha kwamba mtu alijaza fomu. Huenda bado haijaidhinishwa na mwenye sahihi ya pili, huenda namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, na mara chache imetengenezwa na mtu anayejua kutumia programu zilezile tunazotumia sisi. Masharti yako yalisema "ikiingia kwenye akaunti". Fungua akaunti, tazama salio. Ikiwa haijasoma, jibu: "Asante sana, nimeiona slipu. Ikisoma tu nitawaandikia na kuanza siku hiyohiyo."

Lipo jambo zito zaidi, na hapa nasema kwa msisitizo wote nilionao. Wezi wa barua pepe hupenda wakati huuhuu, wa kabla ya malipo ya kwanza, kwa sababu mteja mpya hajawahi kulipa akaunti yako na hana cha kulinganisha. Anayeingia kwenye sanduku la barua la upande mmoja husoma mazungumzo yenu kimya kimya, kisha siku ya malipo humwandikia mteja kwa lugha yako na nembo yako: "Tumebadilisha benki, tafadhali tumia akaunti hii." Anwani inafanana na yako, ila herufi moja imezidi. Mteja analipa, wewe hupati, na kila mmoja anamwona mwenzake tapeli. Kinga yake ni sentensi mbili kwenye profoma ya kwanza kabisa: "Akaunti yetu ni hii tu. Hatutaibadilisha kwa barua pepe. Mkipokea ujumbe wa kubadilisha, tupigieni kwa namba iliyo kwenye profoma hii." Na umpigie mhasibu mwenyewe kabla hajalipa, umsomee tarakimu nne za mwisho. Simu ya dakika moja.

Jihadhari vilevile na mteja mpya asiyebishana kabisa, anayelipa zaidi ya ulichomdai kisha anakuomba urudishe ziada haraka, au umlipie "wakala" wake. Mteja wa kweli wa kalenda hubishana walau kuhusu rangi ya buluu. Fedha iliyozidi ibaki palepale mpaka benki ikuthibitishie kwamba malipo yenyewe ni halali na hayawezi kurudishwa, kisha irudi kwenye akaunti ileile ilikotoka, si kwingine.

Kuhusu 20% ya mwisho

Swali ambalo vijana huniuliza ni kama waandike riba kwa anayechelewa. Andikeni mkitaka, lakini sijaona mhasibu aliyekimbizwa na asilimia mbili kwa mwezi. Kinachomkimbiza ni kitu anachokihitaji na bado kiko kwako. Kwa kalenda, kitu hicho ni faili halisi, lile linalofunguka na kurekebishika, ambalo mwakani atataka abadilishe tarehe tu. Andika kwenye profoma kwamba faili hilo linakabidhiwa awamu ya mwisho ikishalipwa, au kwamba haliuzwi kabisa. Uchague moja, lakini liandikwe sasa, wakati kila mtu bado anacheka na mwenzake. Likiandikwa Januari linaonekana kama utekaji.

Andika pia siku 14 zinahesabiwa tangu lini. "Siku 14" peke yake ina mianzo mitatu: siku mzigo ulipofika, siku ankara ilipopokelewa, au siku ankara ilipoidhinishwa na mtu ambaye, kama tulivyoona, amesafiri. Chagua siku ya mzigo kufika, na dereva aende na hati ya makabidhiano ya kusainiwa na kupigwa muhuri. Hati hiyo iambatane na ankara ya mwisho siku hiyohiyo.

Hela ikisoma, barua ya kutuma kabla hujagusa kazi ni fupi:

"Ndugu Meneja Masoko, tumepokea Sh 1,710,000 leo, Novemba 6, baada ya makato ya kodi ya zuio ya Sh 90,000. Naomba cheti chake. Rasimu ya kwanza mtaipata Novemba 13. Naomba mtutumie nembo katika faili la vekta, si picha iliyokatwa kutoka tovuti, pamoja na orodha ya sikukuu mnazotaka zionekane. Kila siku ya kusubiri vitu hivyo itaongezwa kwenye tarehe ya rasimu."

Nembo itakuja ikiwa imekatwa kutoka tovuti. Iombe tena, kwa upole uleule, na hesabu siku.